Waliotafuta Livingstone ya Zambia Wakaletwa Kwihara

Kwa miaka mingi riziki yangu ilikuwa kuorodhesha maneno. Mfanyabiashara akitaka tangazo lake litokee Google, nilikaa naye, nikamuuliza wateja wake huandika nini wanapotafuta, kisha nikajaza jedwali: neno lenyewe, wingi wake, mji wake, na namna watu wanavyolikosea. Duka la viatu lilitoshwa na maneno mia moja, hoteli maneno mia mbili. Niliamini kwamba mwenye orodha ndefu ndiye mwenye kampeni, na wale walioiachia mashine iwachagulie wateja nilikuwa nikiwaona wavivu. Imani hiyo iliniishia Tabora, kwenye tovuti ya kampuni ndogo ya safari yenye kurasa zaidi ya elfu nne.

Kampuni yenyewe huuza safari kwa wageni wanaotaka kuifuata njia ya kale ya misafara: Bagamoyo, Mpwapwa, Kilimatinde, Kwihara hapa jirani na mji, hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Wengine huunganisha na Gombe, Mahale au Katavi. Kila safari ina ukurasa wake, na kila tarehe ya kuondoka nayo ina ukurasa wake, hata zile zilizokwisha kupita. Zidisha safari kwa tarehe, ongeza nyumba za wageni, ongeza kurasa za treni na mabasi, na idadi inapanda yenyewe bila mtu kukusudia.

Juu ya hayo kuna kurasa za historia. Mwenye kampuni, tunayemwita Mama, alimwomba mwalimu mmoja mstaafu aziandike, na mwalimu aliandika kweli: Burton na Speke kufika Kazeh Novemba 1857, Mirambo kuifunga njia ya Ujiji mwaka 1871 hadi Stanley akalazimika kuzunguka kusini, Livingstone na Stanley kukaa pamoja Kwihara mwaka 1872, mwili wa Livingstone kupitishwa hapo hapo mwaka uliofuata ukipelekwa pwani, reli kufika Tabora mwaka 1912. Ndizo kurasa bora kuliko zote kwenye tovuti ile, na nitaeleza kwa nini ubora wake ulikuwa unatugharimu fedha.

Nilipokabidhiwa akaunti nilianza na kazi niliyoizoea. Orodha ilipita maneno elfu moja, na sehemu kubwa yake ikalala. Google huweka alama ya `Low search volume` kwenye neno ambalo watu wachache mno hulitafuta, na neno lenye alama hiyo halileti tangazo lolote mpaka watafutaji waongezeke. Kwihara ni mahali pa namna hiyo. Duniani kote wanaopatafuta kwa mwezi ni wachache, na kila mmoja huandika kwa namna yake: huyu anauliza nyumba ya Livingstone iko wapi Tanzania, yule anauliza kama kuna mtu wa kumtembeza kutoka Tabora, wa tatu anataka kujua safari ya kufuata nyayo za Stanley huchukua siku ngapi. Ukiwajumlisha ni wateja wa kutosha kuilisha kampuni ndogo, lakini hakuna sentensi yao hata moja inayotafutwa kiasi cha kustahili kuandikwa kwenye orodha.

Katika akaunti ile ile kulikuwa na kampeni nyingine iliyoachwa na aliyenitangulia, ikitembea kwa bajeti yake bila mtu kuigusa. Ilikuwa ya matangazo dainamiki ya utafutaji. Niliifungua nikiwa na nia ya kuifunga. Nikakuta kwamba wateja wachache waliolipia safari kupitia matangazo, wengi wao walitoka huko, kwa sentensi ndefu ambazo nisingeziwaza hata ningekaa mwaka mzima na jedwali langu. Hapo ndipo niliposimama.

Kwa asiyeyajua, matangazo haya Google ilianza kuyatoa mwaka 2011. Huipi Google orodha ya maneno. Unaipa tovuti. Google, ambayo tayari inazisoma kurasa zako kwa ajili ya matokeo yake ya kawaida, hulinganisha alichoandika mtafutaji na kilichomo kwenye kurasa. Ikiona ukurasa unaofaa, hutunga kichwa cha tangazo papo hapo kutokana na kichwa cha ukurasa na maneno ya mtafutaji, na mtu akibofya anapelekwa kwenye ukurasa huo huo. Wewe unaandika maelezo tu, ile mistari midogo chini ya kichwa, isiyozidi herufi 90 kila mmoja. Kichwa huwezi kukigusa, wala huwezi kusema neno fulani liende ukurasa fulani. Unachoshika mkononi ni vitu viwili: kurasa zipi ziruhusiwe, na maneno yapi yakataliwe.

Kampeni niliyoikuta ilikuwa imeelekezwa kwa kurasa zote. Kwenye skrini chaguo hilo linaitwa `All webpages`, na kwa tovuti ya kurasa ishirini halina ubaya mkubwa. Kwa tovuti ya kurasa elfu nne ni jambo jingine. Nilitoa ripoti ya `Search terms`, ambayo kwa matangazo ya aina hii huonyesha alichoandika mtafutaji, kichwa kilichotungwa na ukurasa aliopelekwa, nikaipeleka kwa Mama. Aliisoma akiwa amevaa miwani yake, kimya, kisha akaniuliza, "Mwanangu, hawa watu wa Zambia wanatafuta nini kwetu?"

Hawakuwa watu wa Zambia, walikuwa Waingereza na watu wa Afrika Kusini waliotaka kwenda kuona maporomoko ya Victoria. Kule kuna mji unaoitwa Livingstone. Mwalimu mstaafu alikuwa na ukurasa wenye kichwa `Where Livingstone Stayed`, unaoeleza tembe la Kwihara. Mtu akiandika `where to stay in livingstone`, mashine inaona Livingstone, inaona kukaa, inaona ukurasa mrefu ulioandikwa vizuri na wenye heshima yake katika matokeo ya kawaida, inatunga kichwa, inauza nafasi. Mtu anabofya akitafuta kitanda, anakuta tembe la udongo, anaondoka.

Kuna ukurasa mwingine uliotaja vituo vya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji, `Caravan Stops`. Waingereza huita kwa neno hilo hilo nyumba ndogo za magurudumu wanazokokota kwa gari wakati wa likizo, na kila majira ya joto wanatafuta mahali pa kuziegesha. Wengine kati yao walifika Mpwapwa kwa kubofya. Ukurasa wetu wa Gombe nao uliwavuta waliotafuta Gombe ya Nigeria, ambalo ni jimbo zima, na Gombe ya Kinshasa, ambayo ni wilaya ya katikati ya jiji. Na kurasa za treni zilivuta watu waliotaka tiketi za treni, hasa baada ya treni ya SGR kuanza kwenda Dodoma mwaka 2024. Hao hawakukosea mahali, lakini sisi hatuuzi tiketi; anayeuza ni Shirika la Reli.

Hasara yake ni rahisi kuihesabu. Tuseme mbofyo mmoja ni shilingi 900 na bajeti ya siku ni shilingi 45,000, yaani mibofyo 50. Wanaotafuta kitanda Zambia wakibofya mara 20 asubuhi, shilingi 18,000 zimekwenda. Na bajeti ikiisha saa tisa alasiri, Mjerumani anayekaa jioni kupanga safari ya Ujiji hatuoni kabisa. Fedha iliyopotea ina jirani yake, mteja aliyepotea, na huyo haonekani kwenye ripoti yoyote.

Kama ningekuwa bado yule wa orodha ningekimbilia maneno ya kukataa. Unaandika `livingstone` kwenye orodha ya maneno hasi, jambo limekwisha. Lakini neno hasi la kawaida, lisilofungwa kwa alama yoyote, huzuia kila sentensi yenye neno hilo. Ukikataa `livingstone` umemfukuza pia anayeuliza `livingstone house tabora guide`, na huyo ndiye mteja wetu hasa. Ukikataa `caravan` umekataa `caravan route tanzania`, yaani umeikataa biashara yenyewe. Na upande wa pili neno hasi ni zito la kuelewa. Halifuati visawe wala wingi kama maneno ya kawaida yanavyofanya. Ukikataa `caravan park`, anayeandika `caravan parks` anapita. Lazima uyaandike yote mawili, na leo mtu ataandika `touring pitch`, na kesho jina la kijiji fulani cha pwani ya Uingereza ambalo hujawahi kulisikia.

Kuna jambo la tatu, na ndilo lililonigeuza kabisa. Ripoti ya maneno yaliyotafutwa haionyeshi kila kitu. Google huficha maneno yaliyotafutwa na watu wachache mno, na ukijumlisha mibofyo iliyoorodheshwa unakuta ni pungufu ya mibofyo uliyolipia. Kwa biashara kama yetu, ambayo karibu kila sentensi ni ya mtu mmoja, sehemu iliyofichwa ni kubwa. Huwezi kukataa neno usiloliona. Lakini ripoti ya kurasa, `Landing pages`, haifichi mbofyo: kila aliyelipiwa alitua mahali, na mahali hapo pana anwani. Niliacha kuipanga ripoti kwa maneno nikaipanga kwa kurasa. Fujo iliyokuwa na maneno mamia ikawa na kurasa chache tu. Karibu uchafu wote ulitoka kwenye historia, treni, na tarehe zilizopita.

Wenye misafara wa zamani walilipa hongo kwa kila mtemi waliyepita kwake, na kiongozi mjuzi alijua kwamba gharama huamuliwa pale anapochagua njia, kabla ya kufika kwa mtemi na kuanza kubishana. Neno hasi ni kubishana. Kuchagua ukurasa ni kuchagua njia.

Tangu hapo swali langu la kwanza kwa kila ukurasa ni moja: je, mtu akitua hapa anaweza kununua alichoahidiwa na kichwa? Kama hawezi, ukurasa unatoka kwenye matangazo hata uwe mzuri namna gani. Kama anaweza, lakini jina lake linashirikiwa na mahali pengine, ukurasa unabaki na tunarekebisha jina, na maneno hasi yanakuja mwisho kuokota mabaki.

Historia ilitoka yote. Mwalimu alinipigia simu, akasema, "Kijana, nimesikia umefuta kazi yangu." Nikamweleza kwamba kurasa zake zipo pale pale, watu wanazipata bure katika matokeo ya kawaida kama zamani, na tulichoacha ni kuwalipia wanaozifikia kwa kupotea. Akaridhika, au alinivumilia.

Kuzitoa si kazi ngumu, ila ina mitego. Google inakuruhusu kuzuia kurasa kwa anwani, kwa kichwa cha ukurasa, au kwa maneno yaliyomo ndani. Nilizuia kwa anwani, kanuni ya `URL contains`, na nikaandika `/history/` pamoja na mistari yake miwili ya mshazari. Mistari hiyo ina maana. Tuna safari inayouzwa yenye anwani `/tours/caravan-history-walk/`, na kanuni yenye neno `history` tupu ingeizima nayo. Hakuna onyo lolote ambalo lingetokea kwenye skrini. Safari ingenyamaza tu.

Mtego wa pili ulikuwa mzuri zaidi, kama mtego unaweza kuwa mzuri. Safari zilizojaa huandikwa `fully booked`, na ushauri wa kawaida katika kazi hii ni kuzuia kila ukurasa wenye maneno hayo ndani yake. Niliujaribu kwanza kwenye kundi moja dogo la matangazo. Maonyesho ya kundi lile yakashuka karibu na sifuri. Nikafungua ukurasa wa safari iliyokuwa na nafasi tele, nikatafuta maneno yale, nikayakuta juu kabisa, kwenye kitufe cha kuchujia orodha ya safari: ficha zilizojaa. Kitufe hicho kilikuwa kwenye kila ukurasa wa safari, kwa hiyo kwa macho ya mashine safari zetu zote zilikuwa zimejaa. Kabla hujazuia kwa maneno ya ndani, chukua kurasa tatu unazozitaka, uangalie kama maneno hayo hayamo hata kwenye menyu, kwenye kijachini au kwenye vitufe.

Kijana wetu wa kompyuta alipendekeza tuzuie kwa faili la `robots.txt`, kwa kuandika katazo la jumla lenye nyota. Wazo hilo lina makosa mawili. Kwanza lingewazuia wasomaji wa kawaida wa Google, na kurasa za mwalimu zingepotea kwenye matokeo ya bure. Pili, msomaji wa matangazo wa Google, `AdsBot`, hafuati katazo la nyota. Lazima umtaje kwa jina lake. Tukaliacha.

Tulichofanya badala yake ndicho ninachokipenda kuliko vyote katika aina hii ya matangazo: faili la kurasa. Ni jedwali lenye safu mbili, anwani ya ukurasa na lebo yake. Ukishalipakia, unaiambia kampeni itumie kurasa za faili hilo peke yake na iache kutafuta yenyewe kwenye tovuti nzima. Letu linafanana na hili:

```
Page URL,Custom label
https://example.com/tours/kwihara-ujiji/,ROUTE;OPEN
https://example.com/tours/gombe-from-kigoma/,GOMBE;OPEN
https://example.com/tours/katavi-by-road/,KATAVI;FULL
```

Lebo mbili hutenganishwa kwa nukta-mkato. Ya kwanza inasema safari ni ya wapi, ya pili inasema kama ina nafasi. Kijana wetu aliandika programu ndogo inayolitoa faili hili kwenye mfumo wa kupokea wageni, ule ule ambao dada wa mapokezi hujaza kila anapopata malipo. Hakuna anayesoma tena maneno ya ukurasa ili kujua kama safari imejaa, mfumo unajua. Kurasa za tarehe zilizopita haziingii kwenye faili tangu mwanzo, kwa hiyo hakuna haja ya kuzizuia. Kati ya kurasa elfu nne na zaidi, zinazobaki kwenye matangazo ni mia chache.

Kisha nikaunda makundi ya matangazo kwa lebo. Kundi la njia ya misafara linalenga kurasa zenye lebo `ROUTE`, la Gombe `GOMBE`, la Katavi `KATAVI`, na kila moja limefungwa lisionyeshe ukurasa wenye `FULL`. Faida yake ya kwanza ni ya maandishi: kwa kuwa kichwa sikishiki, ninayo mistari ya maelezo tu, na sasa mistari ya kundi la Gombe inaweza kuzungumza habari za sokwe na boti ya kutoka Kigoma badala ya maneno ya jumla yanayofaa kila safari na kwa hiyo hayafai yoyote. Ya pili ni kwamba Mama anaweza kuniambia, "Katavi msimu huu barabara ni mbaya, punguza," nami nikapunguza Katavi peke yake.

Gombe ndiyo iliyonifundisha mpaka wa njia hii. Ukurasa ule unauza, kwa hiyo kuutoa si suluhisho. Kichwa chake kilikuwa kifupi, `Gombe: 3 Days`, na kwa mashine hicho kingeweza kuwa Gombe yoyote. Tulikibadilisha kikawa `Gombe National Park Chimpanzee Tour from Kigoma, Tanzania`. Kwa kuwa kichwa cha tangazo hutungwa kutokana na kichwa cha ukurasa, mabadiliko haya yanafanya kazi mara mbili: mashine inapata sababu ya kutotuonyesha kwa anayetaka Nigeria, na ikikosea bado, mtu mwenyewe anasoma sokwe na Kigoma, anatupita bila kubofya. Asiyebofya hatulipii. Mabadiliko hayaonekani siku hiyo hiyo; Google lazima irudi kuusoma ukurasa upya, na haina haraka. Baada ya hapo ndipo nikaongeza maneno hasi: `nigeria`, `kinshasa`, na `"gombe state"` ndani ya alama za kunukuu ili yazuie tu pale maneno mawili yanapofuatana.

Kwa safari ya Kwihara, ambayo haiwezi kuuzwa bila kumtaja Livingstone, nilifanya vivyo hivyo: `zambia`, `"victoria falls"`, `"in livingstone"`. Hilo la mwisho ninalionea fahari kidogo. Anayetafuta mji huandika kwamba anataka kulala au kula katika Livingstone. Anayemtafuta mtu haandiki hivyo. Orodha nzima ya maneno hasi ya kampeni sasa inasomeka kwa pumzi moja, na nikiona imeanza kurefuka najua kuna ukurasa umeingia mahali pasipo pake.

Ujuzi wangu wa orodha haukufa, umebadilika kazi. Sentensi ikijirudia kwenye ripoti na kuleta malipo, naitoa kwenye kampeni ya dainamiki na kuifanya neno kamili katika kampeni ya kawaida, ambako naweza kuandika kichwa kwa mkono wangu. Google yenyewe hulipa kipaumbele neno kamili linalofanana sawasawa na alichoandika mtafutaji, kwa hiyo kampeni mbili hazigombani. Kuna sharti lakini: neno hilo liwe hai na kampeni yake iwe na bajeti. Bajeti ya kawaida ikiisha mchana, dainamiki itaichukua sentensi hiyo na kuipeleka inapotaka. Kwa sentensi zenye thamani kubwa ninaziandika pia kama maneno hasi kamili upande wa dainamiki. Wenzangu wengine hawafanyi hivyo, wakisema ni heri mteja aingie kwa mlango wowote. Kwa bajeti kubwa ningekubaliana nao.

Kuna tovuti ambazo singezishauri zitumie njia hii hata kwa faili zuri namna gani. Tovuti inayobadilisha bei na bidhaa kila siku itakuwa mbele ya mashine daima, na tangazo litaahidi kilichoondolewa jana. Tovuti yenye vichwa vya kurasa vinavyofanana, kila kimoja kikianza na jina la kampuni na kuishia hapo, haitapata vichwa vya maana. Na kurasa zilizofungwa kwa nywila hazisomeki kabisa. Kwa upande mwingine, kazi ya kuandaa faili haipotei ukihamia kwingine: kampeni za Performance Max nazo hupokea faili la kurasa, na nazo hukubali kuambiwa kurasa zipi zisiguswe.

Sasa Mama anapata ripoti iliyopangwa kwa kurasa. Anaisoma haraka kuliko ya zamani, kwa sababu kila mstari ni safari anayoijua, na anaweza kusema ipi ina faida na ipi tunaiuza kwa heshima tu. Zambia haijafutika yote, lakini imebaki mibofyo ya kuhesabika.

Wenzangu mnaowasimamia wenye hoteli, wenye safari na wenye maduka makubwa, nawaomba jambo moja. Mkikabidhiwa kampeni ya dainamiki inayokula fedha, msianze na maneno hasi. Fungueni `Landing pages`, zipangeni kurasa kwa gharama, kisha zifungueni kumi za juu moja baada ya nyingine, mjiulize kama mnaweza kumuuzia kitu mtu aliyetua pale. Zile ambazo jibu lake ni hapana zitoeni leo.